Mstari wa Mwisho

Jana mtoto wa dada yangu alinitumia picha ya karatasi kwenye WhatsApp. "Anti, wanasema nitie sahihi leo ndio nilipwe. Nitie?" Niliikuza picha mpaka mstari wa mwisho: nimepokea malipo yangu yote na sina dai lingine lolote. Mstari huo tunajuana.

Mimi nilifutwa na askari wa geti. Alinizuia asubuhi huku akiangalia viatu vyake, maana tulikuwa tukinywa chai pamoja. Sikupewa barua wala kuitwa ofisini. Mama wa kibanda cha chai ndiye aliyenisukuma: "Enda leba kabla miezi mitatu haijaisha." Na kweli, malalamiko ya kufutwa yanatakiwa yamfikie afisa wa leba ndani ya miezi hiyo mitatu, ingawa kortini unayo miaka mitatu.

Pale leba nilikaa benchi moja na mabawabu na wasichana wa kazi za nyumbani, kila mtu na bahasha yake. Nilipewa barua ya kumwita mwajiri, nikaambiwa niipeleke mwenyewe na nirudi na nakala iliyopigwa muhuri wao. Yaani urudi kwenye geti lile lile ulilofungiwa, ukaombe muhuri! Tarehe ya kwanza hawakutokea. Ya pili akaja meneja wa wafanyakazi, na faili jembamba.

"Huyu alitoroka kazi," akasema hata kabla hajakaa vizuri.

Afisa, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakuinua kichwa. "Mlimtafuta? Mlimpigia simu, mlimwandikia?" Meneja akafungua faili, akalifunga. Nikatoa simu yangu, nikamwonyesha ujumbe niliomtumia msimamizi asubuhi ile ile nikiwa nje ya geti: nimezuiliwa, nifanyeje? Haukujibiwa, lakini tarehe na saa zilikuwa pale.

"Na likizo yake?"

"Alienda."

"Fomu ziko wapi?"

Hazikuwepo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba rekodi za kazi ni mzigo wa mwajiri. Sikuwa na mkataba ulioandikwa, nilikuwa na jumbe za M-Pesa za mshahara tu, na bado yeye ndiye aliyebanwa.

Afisa akageuza karatasi, akaanza kuandika mgongoni kwa kalamu ya risasi. Nilikuwa nalipwa 26,000 kwa mwezi. Akagawanya kwa siku 26 za kazi, nikawa shilingi 1,000 kwa siku. Nakumbuka nikiitazama ile 1,000 kana kwamba ni picha yangu ya kitambulisho: ndiyo mimi, lakini nilidhani natoka vizuri zaidi. Siku 14 nilizofanya mwezi ule, 14,000. Mwezi mmoja badala ya notisi, 26,000. Likizo ya mwaka, siku 21, kwa hiyo 21,000. Akapiga mstari: 61,000.

Nikauliza kiinua mgongo cha miaka yangu minne. "Unakatwa NSSF?" Ndiyo. "Basi hicho ondoa." Mwanachama wa NSSF hadai malipo ya utumishi juu yake. Mwaka mzima nilikuwa nimejijengea choo cha kisasa kijijini kwa pesa hizo, kichwani.

Meneja akatoka nje na simu, akarudi amebadilika sauti. Watalipa zote wiki hiyo. Akatoa karatasi iliyokwisha chapwa, na pale chini ukawa ule mstari.

Afisa alinisomea polepole. Akanieleza kwamba hizo 61,000 ni haki yangu hata kama ningekuwa nimefutwa sawasawa. Kufutwa bila kupewa sababu wala kusikilizwa ni jambo lingine, na fidia yake inaweza kufika hadi mishahara ya miezi 12, ingawa wengi hupewa pungufu sana. Lakini yeye hawezi kumlazimisha mwajiri. Tusipokubaliana, anatupa barua twende mbele, na kwa mshahara wangu ningeanzia kwa hakimu. Nikitia sahihi kwa hiari, korti inaweza kuniambia niliyamaliza mwenyewe.

"Mama, chukua muda wako," akasema. Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi na benchi imejaa. Kodi ya nyumba ilikuwa imepita tarehe. Nilimwomba meneja aufute huo mstari tu, mengine yabaki. Akatabasamu: "Basi hakuna pesa."

Nikatia.

Mwenzangu wa laini ya ufungaji, aliyefutwa wiki ile ile, alikataa kutia na akaenda Milimani. Mara ya mwisho tulipozungumza kesi ilikuwa imeahirishwa tena, kwa sababu wakili wa kampuni alikuwa mgonjwa. Bado ananiita mama hiari, nami bado namkopesha nauli ya kwenda kortini.