Mbwa wa mlangoni

Juzi niliota mbwa mweusi amelala mlangoni kwetu Tukuyu, ananitazama tu. Asubuhi nikamsimulia dada ninayeishi naye hapa Mwanjelwa. Akashtuka: "Huyo ni adui, omba sana!"

Nikamuuliza, wewe na mbwa mkoje? Akanionyesha kovu kwenye shavu la mguu. Aling'atwa akiwa darasa la tatu, akachomwa sindano za kichaa cha mbwa. Mbwa wake ataachaje kuwa adui?

Wangu alikuwa akinisindikiza shule kwenye ukungu, kupitia migombani hadi barabarani, kisha anarudi kulala mlangoni mpaka nitokee. Kwa hiyo niliamka bila hofu, ila na aibu kidogo. Nani ananisubiri siku hizi? Mama. Miezi minne sijakanyaga nyumbani.

Ndoto naiandika kabla sijatoka kitandani: mnyama alifanya nini, nami nilijisikiaje. Nikingoja hadi chai, hisia imeshapotea, kinabaki kisa tu. Na kama jana yake nilikimbizwa na mbwa kweli, sihangaiki kutafuta maana (mbona iko wazi!).

Jumamosi napanda kosta ya Tukuyu.