Goti langu na urefu wa kiti cha baiskeli

Hapa Lubumbashi ukinunua baiskeli, wa kwanza kukushauri atasema ushushe kiti mpaka miguu yote miwili ikanyage chini, usije ukaanguka. Ushauri huo uliniumiza goti. Napeleka mikate barabara ya Kipushi karibu kila asubuhi, na maumivu yalikaa mbele, kwenye pia ya goti, yakizidi kila nilipopanda na mzigo.

Nguvu hutoka pedali inaposhuka. Ikianza kutoka juu, makalio yananyoosha nyonga na misuli ya mbele ya paja inanyoosha goti. Hapo ndipo baiskeli inaposukumwa hasa. Ikikaribia chini, misuli ya nyuma ya paja na ya shavu la mguu inasaidia kuirudisha nyuma. Ikipanda, kazi ni kuuinua mguu tu, usimlemee mwenzake. Sasa kiti kikiwa chini, unasukuma kwa nguvu huku goti bado limekunjika sana: pia inabanwa kwenye mfupa wa paja, na mzigo mkubwa unaangukia misuli ya mbele.

Yaya mmoja wa karakana akanipandishia kiti mpaka nikafikia pedali kwa vidole. Mbele kukapoa kweli, nikafurahi. Lakini jioni moja mke wangu alinitazama kwa nyuma, akauliza: «Papa, mbona kiuno kinacheza hivyo?» Kilikuwa kinashuka kulia, kinashuka kushoto, kufuata pedali isiyofikika. Baada ya muda mfupi, nyuma ya goti kukaanza kuvuta, kwa sababu misuli ya huko ilikuwa inatanuliwa kila mzunguko.

Kilichonitoa ni kisigino. Niliegemea ukuta, nikakaa sawasawa kitini na viatu vya kazi, nikaweka kisigino kwenye pedali na kuizungusha mpaka chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke wote bila kiuno kuinama upande. Ukisogeza pedali chini ya sehemu pana ya unyayo, pale nyuma ya vidole, goti linabaki na mkunjo mdogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi.

Nikahakiki kwa mita. Nilisimama peku ukutani, nikabana kitabu kigumu kati ya mapaja mpaka juu kabisa, nikapima kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu: sentimita 82. Zidisha kwa 0.883, unapata 72.4, urefu kutoka katikati ya ekseli kubwa ya fremu, ile inayobeba mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Kisigino kilinipa chini kidogo ya hapo. Nikaanzia kwa kisigino, nikapandisha nusu sentimita kwa wakati, siku kadhaa kila hatua. Bomba la kiti lina alama ya mwisho, usiivuke, litavunjika.

Maumivu ya mbele yakirudi, ninapandisha. Ya nyuma yakianza, ninashusha. Na nikisimama njiani nateremka kitini kwanza, ndipo naweka mguu chini.