Theluji Iliyonukia Keki

Chupa ya kwanza ya marashi yetu ilirudi Jumanne, ikiwa imepungua kidole kimoja tu. Aliyeirudisha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mteja wa mama mdogo wa miaka mingi, kwa hiyo hakuja kwa shari. Aliiweka juu ya meza ya vioo, akaketi kusubiri zamu yake ya kusukwa, kisha akasema, "Sio mbaya jamani, ila mmekosea kujaza. Humu mmetia ya keki."

Hatukuwa tumekosea kujaza. Chupa nyeupe iliyoandikwa "Theluji" ilikuwa na kile tulichokusudia kiwemo: vanila, iliki na kahawa kidogo kwa mbali. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipa jina.

Ilikuwa mwaka 2021. Mama mdogo alikuwa na saluni Majengo, hapa Moshi, na chumba cha nyuma tulikigeuza kuwa pa kuchanganyia bodi sprei. Mafuta ya harufu tulikuwa tunayaagiza Dar es Salaam, tunachanganya mililita 30 kwa kila lita moja, sehemu kubwa iliyobaki ikiwa spiriti, tunajaza chupa za mililita 100. Tulianza na aina tatu. Ya tatu ilikuwa ya maua, tukaiita Asmini, na sina la kusimulia juu yake kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuuliza chochote. Ukiifungua unakutana na asmini, basi.

Shida ilikuwa kwenye zile mbili nyingine. Nilizipa majina kwa kufuata rangi ya chupa. Chupa nyeupe zilinikumbusha mlima, nao ulikuwa wazi asubuhi ile, Kibo imevaa kofia yake, nikaandika Theluji. Chupa za buluu iliyokoza nikaziita Usiku. Humo kwenye Usiku kulikuwa na mchaichai, ndimu na nanaa. Kila jina lilipendeza likiwa kwenye karatasi. Nilitumia jioni nzima kuchagua mwandiko wa lebo, na sikutumia hata dakika tano kunusa huku nikilisoma jina.

Baada ya mwalimu, alikuja dada mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni. Yeye alinunua Usiku kwa ajili ya harusi, akaipulizia nyumbani, akahisi amepaka dawa ya meno. "Nilitaka kunukia mtu anayetoka," aliniambia, "sio mtu anayeamka."

Sentensi ile niliiandika kwenye daftari la madeni, na bado ipo. Ilinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: jina huingia kichwani kabla harufu haijafika puani. Mteja anasoma "Usiku", kichwa kinamwandalia kitu chenye joto na uzito, kitu cha gizagiza. Nanaa inapomfikia, pua haisemi "harufu nzuri" au "harufu mbaya". Inasema "siyo hii". Na harufu inayoonekana siyo, hata iwe nzuri namna gani, inamwacha mtu na wasiwasi kwamba ameuziwa kitu kingine.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu jaribio la Rachel Herz na Julia von Clef, lililochapishwa mwaka 2001. Waliwanusisha watu mchanganyiko uleule mara mbili, mara moja wakiuita jibini ya Parmesani na mara nyingine wakiuita matapishi. Watu waliipenda ya kwanza na kuichukia ya pili, na wengi hawakuamini kwamba ni kitu kimoja. Lakini wakati ule sikuwa najua hayo. Nilichokuwa nacho ni saluni iliyojaa wanawake ambao hawana pa kwenda hadi nywele zikauke.

Tukafanya hivi. Nilikata vipande vya karatasi ya manila, vyembamba kama kidole cha mwisho, nikavipulizia na kuviacha vipumue kwanza. Hapo napo nilijifunza kwa kukosea, maana mteja wa kwanza nilimpa karatasi ikiwa mbichi, spiriti ikampanda, akasema, "Hospitali." Nusu dakika inatosha spiriti kuondoka. Harufu ya vanila niliipa namba 4 na ya mchaichai namba 7, sikuandika A na B, kwa sababu A inaonekana kama ndiyo bora. Sikumtajia mtu jina lolote. Nilimwomba aseme maneno matatu ya kwanza yanayomjia.

Kuna aliyenishauri niweke punje za kahawa za kunusa katikati ili pua ipumzike. Moshi kahawa haikosekani, lakini moja ya harufu zangu ilikuwa na kahawa ndani yake; ningekuwa namkumbusha mtu jibu. Nilimwambia kila mmoja anuse mkono wa gauni lake mwenyewe, nikawapa harufu mbili tu kwa siku.

Wanawake kumi na wawili, siku tatu. Kwa namba 4 maneno yalikuwa yaleyale yakizunguka: tamu, keki, joto, maziwa, sikukuu, jioni, chai ya iliki. Hakuna hata mmoja aliyesema baridi, wala nyeupe. Kwa namba 7: baridi, asubuhi, safi, chai, dawa ya meno, kuoga. Mama mdogo alisoma orodha zote mbili, akanitazama. "Sasa mwanangu, theluji yako si hii hapa?" Kidole chake kilikuwa kwenye namba 7.

Kweli. Nanaa ina mentoli, na mentoli huamsha mishipa ileile inayohisi baridi kwenye ngozi na puani. Ubaridi wake sio wa kuwaza tu. Theluji yenyewe haina harufu, na wengi wetu tumeiona kwa mbali miaka yote bila kuigusa. Jina la namna hiyo ni chumba kitupu: mtu anaingiza humo baridi, weupe na usafi, na kila kinachokuja lazima kifanane na hayo. Vanila haikuwa na pa kukaa.

Kuhamisha Theluji kwenda kwenye mchaichai ilikuwa rahisi. Kazi ilibaki kwa vanila, na hapo ndipo tulipopoteza wiki mbili.

Jina la kwanza tulilojaribu lilikuwa Kahawa. Nilidhani tumemaliza, kwa kuwa kahawa imo. Lakini mara tu jina lilipotajwa, kila mtu alianza kuitafuta. Waliokuwa wamesema "tamu, joto" wiki iliyopita sasa walisema "kahawa yenyewe siioni" na "vanila imezidi." Harufu haikubadilika hata tone. Jina la kiungo kimoja ni sawa na kumpa mteja mizani mkononi: atapima hicho tu. Asmini ilipona kwa sababu asmini ndiyo iliyokuwa imetawala chupa nzima. Kahawa yetu ilikuwa nyuma kabisa, inajitokeza baada ya saa moja, wakati mteja ameshaamua.

Jina la pili lilikuwa Jikoni. Hili nalipenda hadi leo, na lilioana na harufu kuliko yote. Wanawake walicheka, wakakubali kwamba ndiyo, kabisa, inanukia jikoni Jumapili. Nikauliza nani angeipulizia akienda kazini. Kimya. Kisha mmoja akaanza kusikia mafuta ya maandazi kwenye karatasi, na mwenzake naye akayasikia. Hakukuwa na mafuta ya maandazi. Jina lilikuwa limeyaleta yenyewe, pamoja na moshi wa kuni na kitunguu. Harufu na jina vilikuwa vimeshikana barabara, ila vimeshikana mahali ambapo hakuna anayetaka kunukia.

Tukarudi kwenye daftari. Neno "jioni" lilikuwa limetoka kwa watu wanne bila kuulizwa. Jioni ina joto, ina utulivu, ina chai ya iliki kama ukitaka, lakini haimlazimishi mtu kutafuta kitu fulani. Tulipowapa karatasi ileile tukitaja Jioni, mwalimu wetu, yuleyule aliyeirudisha Theluji, alinusa, akanusa tena. "Hii ni mpya?"

Sikumjibu hadi aliponunua. Naona haya kidogo kuandika hivyo.

Maelezo ya chini ya jina nayo yalituyumbisha. Karatasi ya msambazaji ilisema Theluji mpya inafungua kwa bergamoti. Bergamoti ni tunda la jamii ya limau, na harufu yake ndiyo inayotiwa kwenye chai ya Eli Grei, ila hapa Majengo neno hilo halifungui mlango wowote kichwani mwa mtu. Tukaandika "ganda la ndimu", kwa kuwa ndimu ilikuwamo na ndiyo waliyoitaja wenyewe. Na nanaa tuliisukuma mwisho. Tulipoanza na neno nanaa, nusu yao walirudi kwenye dawa ya meno. Tulipoanza na mchaichai, walikwenda kwenye kikombe cha chai. Mstari uliokwenda mtamboni ulikuwa: "Mchaichai, ganda la ndimu, ubaridi kidogo."

Kabla ya kuchapa niliivaa Theluji mpya mkononi siku nzima. Ndimu na nanaa vilitoweka ndani ya nusu saa, kama ilivyo kawaida ya harufu nyepesi, ikabaki miski nyeupe, ile ya nguo zilizoanikwa juani. Ilifaa. Kama kingebaki kitu kitamu, jina lingekuwa kweli dukani na uongo ofisini.

Lebo za zamani zilibandukwa kwa maji ya moto na kisu cha meza, chupa baada ya chupa, na nyeupe zikasubiri mchaichai. Mama mdogo alibandika mpya kwa mkono, zote zikiwa zimepinda kidogo upande wa kushoto.

Mwezi uliofuata tulipata oda yetu ya kwanza ya nje ya mkoa, duka la Dar es Salaam, chupa kumi za kila aina. Siku mbili baada ya mzigo kufika mwenye duka alipiga simu. Alikuwa mpole. Alisema Theluji ni safi, Jioni ni safi, Asmini hana neno. Ila alikuwa na swali kuhusu maandishi makubwa ya juu, lile jina la biashara ambalo mimi na mama mdogo hatukuwahi kulifikiria mara mbili, maana ni mji wetu: Marashi ya Moshi.

"Wateja wangu wanauliza," alisema, "ya kwenye moshi ni ipi hasa? Ile ya udi. Wameitafuta kwenye zote tatu hawaioni."

Nilimweka asubiri, nikaziba simu kwa kiganja, nikamweleza mama mdogo. Alikuwa anasuka. Hakuinua kichwa.

"Muulize anataka chupa ngapi."