Palizi ya kwanza iko wiki ya Krismasi

Mwisho wa Oktoba. Mashamba ya Mbeya na Njombe yameshasafishwa, watu wanatazama mawingu. Ndiyo siku za kukaa na daftari na kupanga msimu wa mahindi, ekari moja, mbegu ndefu ya nyanda za juu inayochukua karibu siku 160 kukomaa.

Kalenda nyingi zinazobandikwa ukutani zinakosea jambo moja: zinahesabu kwa miezi. Mahindi hayajui Desemba. Yanahesabu siku tangu mbegu iingie kwenye udongo wenye unyevu, na siku hiyo mvua ndiyo inayoiamua. Mvua ya kwanza mara nyingi ni ya kudanganya: inalowesha juu, kisha jua linawaka wiki mbili na mbegu iliyochipua inakauka. Kabla ya kupanda, chimba kwa jembe. Unyevu ukiwa umeshuka kama sentimita 15 na udongo ukifinyangika mkononi, panda. Ukiwa haujafika hapo, subiri.

Tuseme siku hiyo imeangukia tarehe 1 Desemba. Mistari iachane sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 60, mimea miwili kila shimo. Hesabu hiyo inatoa mashimo kama 9,000 kwa ekari. Kisoda kimoja cha mbolea ya DAP kina gramu tano na kidogo, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unatosha ekari nzima kisoda kimoja kila shimo. Mfuko ukiisha katikati ya shamba, ama kisoda kinajazwa kwa kichuguu au mashimo yamesogezwa. Mbolea itangulie, ifunikwe kwa udongo kidogo, ndipo mbegu. Zikigusana, mbolea inaunguza mbegu na utaona mapengo wiki ya pili.

Sasa fungua daftari na uhesabu. Palizi ya kwanza ni kati ya siku ya 14 na 21, yaani Desemba 15 hadi 22. Urea ni karibu siku ya 25, yaani Desemba 26. Hapo ndipo misimu mingi inapoharibikia: vibarua wamekwenda makwao, na fedha imekwenda kwenye nguo za watoto. Magugu hayana sikukuu. Hindi changa likiminywa na magugu katika mwezi wake wa kwanza, palizi ya Januari hailirudishii kilichopotea. Litarefuka, lakini gunzi litakuwa dogo. Kwa hiyo fedha ya palizi na urea itengwe sasa, Oktoba, na vibarua waagizwe mapema.

Palilia kwanza, ndipo uweke urea, la sivyo unalisha magugu. Kisoda kimoja katikati ya mimea miwili, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha ufukie. Urea ikiachwa juu ya udongo, sehemu ya nguvu yake hupotea hewani, na ule ukali unaosikia puani ndio fedha yako inayoondoka. Palizi ya pili ije siku ya 40 hivi, ukipandishia udongo kwenye mashina.

Viwavijeshi vamizi hawana tarehe. Kila wiki pita ukitazama ndani ya moyo wa mmea. Alama ya mapema ni madoa meupe kama vioo kwenye majani. Ukiona vinyesi kama unga wa mbao, kiwavi ameshajificha na dawa haimfikii vizuri.

Siku ya 160 ni Mei 10. Pukuchua punje na utazame kitako chake: doa jeusi likionekana, hindi limekomaa, kilichobaki ni kukauka. Anika juu ya turubai, si chini. Kupima, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika kama kumi. Chumvi ikigandia chupa, bado ni mbichi. Ukiyafungia hivyo, unafuga kuvu.

Tukichukulia magunia 15 na familia ya watu sita, sita yabaki nyumbani. Matatu yauzwe Julai kulipa madeni, kwa mizani na kwa kilo. Lumbesa inakula kilo zako bila kuonekana. Bei huwa chini wakati huo kwa sababu kila mtu anauza. Sita yaliyobaki yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake, na usifungue kuchungulia: hewa ikirudi, dumuzi anapumua. Manne ni ya ada za Januari. Mawili yauzwe Oktoba, na fedha yake igawanywe siku ileile: DAP, mbegu, na bahasha ya vibarua wa wiki ya Krismasi.