Namba ya simu nimeiondoa
Leo nimeandika upya barua ya kuwajulisha wateja kwamba akaunti yetu ya benki imebadilika. Rasimu ilisema: “Thibitisha kwa kupiga namba iliyo hapa chini.” Hapo ndipo tapeli anapopenyea! Akiweza kughushi barua na kuweka akaunti yake, ataweka na simu yake, apokee mwenyewe, akuthibitishie kwa upole kabisa.

Sasa inasomeka: “Kabla ya kulipa, tupigie kwa namba uliyo nayo tangu zamani, kwenye mkataba au ankara za nyuma. Usiulize kwa kujibu baruapepe hii. Tutakusomea namba ya akaunti, nawe ulinganishe tarakimu zote.”

Nimefuta pia “lipa haraka”. Anayehakiki apewe muda.