Nilivyoacha kuchagua “anapinga vikali”

Nilirudi kusoma Kiswahili cha kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na mbili, kama mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya kufunga kibanda changu cha mbogamboga pale soko la Majengo kila jioni. Sarufi ilinijia upesi, na utungaji haukunisumbua. Kilichonipokonya alama ni maswali ya kuchagua yanayofuata kifungu cha habari, hasa yale yasiyouliza kilichotokea bali yanayouliza msimamo wa mwandishi au lengo lake. Katika zoezi la kwanza tulilopewa darasani yalikuwepo manane ya namna hiyo, nami nilikosa matano, ingawa vifungu vyote nilikuwa nimevielewa.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu anayeishi Mpunguzi, aliomba nimpelekee karatasi ile. Hakuangalia alama. Alinionyesha kifungu kimoja kifupi na kuniambia nikisome kwa sauti. Nakinukuu hapa kama kilivyokuwa, kwa kuwa ndicho kilichonifungua macho:

“Kisima cha kata yetu kimekamilika, na ni haki kuwapongeza waliosimamia kazi hiyo, kwani maji yanatoka. Hata hivyo, pampu yake inatumia dizeli, na kamati haijaeleza fedha za dizeli zitatoka wapi mavuno ya zabibu yakiisha. Tunaambiwa eti wananchi watachangia wenyewe. Huenda watachangia, lakini ingefaa utaratibu huo uandikwe kabla pampu haijazimika, si baada yake.”

Swali liliuliza msimamo wa mwandishi kuhusu mradi huo. Jibu A lilisema anaupinga vikali. B, anaufurahia bila kinyongo. C, anaukubali ila ana shaka kuhusu uendeshaji wake. D, hana upande wowote. Mimi nilikuwa nimezungushia A.

“Kwa nini A, mwanangu?” aliuliza.

Nilimjibu kwamba mwandishi ametumia “eti”, na mtu anayesema “eti” amekwisha kukasirika. Mjomba alicheka, akaniuliza kama kijijini kwetu hakuna kisima kilichokufa kwa kukosa dizeli. Kipo, na mama yangu aliwahi kukichangia. Hapo nikatambua kwamba hasira niliyoiona kwenye kifungu ilikuwa yangu mwenyewe, nami nilikuwa nimemtwika mwandishi asiyeijua.

Akaniambia nichukue penseli nipigie mstari maneno yanayobeba hisia au hukumu tu, niyaache yale yanayobeba habari. Nilibaki na matano: “ni haki kuwapongeza”, “hata hivyo”, “eti”, “huenda” na “ingefaa”. Kisha akanitaka nisome kifungu kizima nikiruka maneno hayo, na kweli kilichobaki kilikuwa taarifa kavu: kisima kimekamilika, pampu inatumia dizeli, wananchi watachangia. Taarifa hiyo kavu ndiyo ingestahili jibu D. Mwandishi asiye na upande angeandika “wananchi watachangia” na kuishia hapo, ilhali huyu ameweka “tunaambiwa” na “eti” katikati yake na maneno hayo, kama mtu anayeshika kitu kwa ncha za vidole.

Baada ya hapo tuliyapima maneno hayo kwa uzito wake. “Ni haki kuwapongeza” ni sifa ya kweli, kwa kuwa sababu yake imetajwa papo hapo: maji yanatoka. Sifa hiyo peke yake inaliangusha jibu A. “Huenda” inaacha mlango wazi, na mpinzani mkali haachi mlango wazi. “Ingefaa” ni ushauri wa mtu mpole; aliyekasirika angesema “ni aibu” au “hatutakubali”. Kwa upande mwingine “hata hivyo” na “eti” zinaliondoa jibu B, maana asiye na kinyongo hahitaji kugeuza maneno katikati ya njia. Lililobaki ni C, nalo lina sehemu mbili, kukubali na kutia shaka, na kila sehemu ina neno lake kwenye kifungu. Tangu siku hiyo, jibu lenye sehemu mbili ninalidai ushahidi mara mbili. Nusu moja ikikosa neno la kuishika, ninaliacha hata kama nusu ya pili inapendeza.

Neno lililokuwa limeniponza halikuwa “anapinga”, bali “vikali”. Watunga maswali hupenda kuongeza neno la kiwango, kama “vikali”, “kabisa”, “mno” au “bila kinyongo”, juu ya hisia ambayo kweli imo. Msomaji anaiona hisia na kusahau kukiuliza kiwango chake. Siku hizi nikikuta “vikali” ninajiuliza: je, ni sentensi gani ingekuwemo humu kama mwandishi angekuwa mkali kweli? Nisipoiona, jibu hilo nalikata.

Swali lililofuata lilihusu lengo, na hapa nilijifunza kusoma kitenzi cha jibu kwanza, kisha kile kinachotendewa. Majibu yalianza kwa “kueleza”, “kukejeli”, na mawili kwa “kushawishi”. “Kueleza” lilianguka kwa sababu kifungu kinaishia kwenye ushauri. “Kukejeli” lilinivuta, kwa ajili ya “eti” ileile, lakini kejeli ya neno moja haigeuki kuwa lengo la kifungu kizima. Yakabaki mawili: kuwashawishi wananchi wachange, na kuishawishi kamati iandike utaratibu wa fedha mapema. Kitenzi ni kilekile, ila kwenye kifungu hakuna mahali mwananchi anapoambiwa achange; kinachotakiwa ni utaratibu kuandikwa, na kamati ndiyo iliyotajwa kuwa haijaeleza. Nadhani wengi huliangukia jibu la wananchi, kwa sababu neno “watachangia” limetokea mara mbili na linabaki masikioni.

Njia hii ina mahali inapokwama, nami nilikwama juma lililofuata. Kifungu kilianza hivi: “Barabara yetu ni ya kujivunia sana, tangu Jumanne ng’ombe wa jirani amezama humo hadi tumbo.” Nilipigia mstari “kujivunia sana” kwa bidii zote, nikachagua “anasifu”. Penseli ilikuwa sahihi, hukumu haikuwa. Neno la sifa linapokaa na jambo ambalo haliwezi kusifiwa, lisomwe kinyume chake, na tofauti yake na “ni haki kuwapongeza” ya kisimani ni kwamba pale sifa ilifuatwa na maji, huku imefuatwa na matope. Kwa hiyo sasa, kila nikipigia neno mstari, ninatazama pia jambo lililo jirani yake.

Vilevile ninaangalia neno ni la nani. Mhusika aliyenukuliwa anaweza kusema “eti” kwa dharau huku mwandishi akiwa hakubaliani naye, na “eti” ya mtoto anayeuliza “Eti mama, leo tunakula nini?” haina shaka yoyote ndani yake.

Katika zoezi la mwisho kabla ya mtihani nilikosa swali moja kati ya manane. Kifungu kilisema, “Inasikitisha kuona kwamba taarifa ya mapato haijasomwa kwa miaka miwili,” nami nikachagua kwamba mwandishi analaumu. Mwalimu wetu wa jioni alisahihisha kwamba anasikitika. Nilimpelekea mjomba. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema kwamba katika vikao vyote alivyowahi kuhudhuria hajapata kumsikia mtu akisema “inasikitisha kuona kwamba” huku akimaanisha huzuni.