Kuua ufunguo kabla ya kusafisha historia

Ijumaa, usiku

Leo tumebadilisha ufunguo wa siri wa lango la malipo. Nayaandika haya kabla hayajapoa.

Mwenzangu alikuwa akimwandalia fundi wa nje ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi yetu ya Git, akataka kwanza kuhakikisha hamna siri ndani. Kwa kutazama mafaili, palikuwa safi: faili la siri, `.env`, halipo, na jina lake limo kwenye `.gitignore`. Lakini `.gitignore` huzuia faili ambalo Git haijaanza kulifuatilia. Lililokwisha kuingia haliguswi. Kwa hiyo akaipekua historia nzima kutafuta `sk_live_`, herufi za mwanzo za ufunguo wetu:

```
git log --all --oneline -S 'sk_live_'
```

Yakatokea mabadiliko mawili, moja lililouingiza ufunguo na jingine lililouondoa. Mwenye nakala ya hifadhi anarudi tu kwenye lile la kwanza na kuusoma, na nakala hizo wanazo hata watu walioondoka kitambo. Je, umeibwa? Hatuna ushahidi. Hata hivyo, ufunguo ambao hatuwezi kusema uko kwa nani siuamini tena, maana aliye nao anaweza kusoma taarifa za wateja na kurejesha pesa za malipo yaliyokwisha kufanyika.

Wengine walitaka tuanze kwa kuifuta historia. Nilipinga. Historia iliyoandikwa upya haizifikii nakala zilizo kwenye kompyuta za watu, na wakati tunahangaika nayo ufunguo unaendelea kufanya kazi. Ukishabatilishwa, kilichobaki kwenye historia ni herufi zisizofungua kitu.

Lango letu ni Stripe, na dashibodi yake inakuruhusu kutoa ufunguo mpya huku wa zamani ukipewa muda kabla ya kuisha. Muda huo ni nafuu kwetu, lakini ni nafuu kwa mwizi pia. Tuliuweka mfupi, wa kutosha kuhamisha huduma zetu tu. Kama tungeona rejesho hata moja tusilolitambua, ningeuzima papo hapo na kukubali malipo yakwame.

Kazi ngumu ilikuwa kujua ni nani hasa anausoma ufunguo. Tuliweka thamani mpya kwenye ghala la siri, tukaiwasha upya tovuti, malipo ya majaribio yakapita. Ungedhani tumemaliza. Lakini ukurasa wa funguo ulionyesha kwamba wa zamani bado unatumika. Baada ya kutafuta tukamkuta mtumiaji wake: mchakato wa foleni unaoshughulikia marejesho. Mchakato husoma vigezo vya mazingira unapoanza, kisha hubaki navyo. Kubadilisha thamani ghalani hakuufikii mpaka uwashwe upya. Tungeubatilisha ufunguo wakati ule, tovuti ingeonekana nzima huku kila rejesho likigonga kosa la 401 bila mteja wala sisi kujua mapema. Ndiyo maana napenda kusubiri mpaka matumizi ya ufunguo wa zamani yanyamaze, mradi hakuna dalili ya wizi.

Jambo lililokaribia kutupita ni siri ya pili. Ndani ya `.env` ileile kulikuwa na `whsec_`, siri ya kuhakiki taarifa ambazo Stripe hutuma kwenye seva yetu malipo yakikamilika. Kubadilisha `sk_live_` hakuibadilishi hii. Na hatari yake ni ya aina nyingine: aliye nayo haigusi akaunti, ila anaweza kutunga taarifa kwamba oda fulani imelipwa, aitie sahihi halali, na mfumo wetu utoe bidhaa bila senti kuingia. Katika orodha ya malipo ya lango hutaona chochote, kwa sababu hakuna malipo. Wizi huo utauona ukilinganisha oda zilizotolewa na malipo halisi.

Kuibadilisha kulikuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Siri ya zamani inaweza kuachwa hai hadi saa 24, na katika muda huo kila taarifa huja na sahihi mbili ndani ya `Stripe-Signature`, moja kwa kila siri. Seva iliyo na yoyote kati ya hizo inakubali, hivyo hakuna taarifa iliyopotea wakati wa kuhama.

Sasa funguo zote mbili za zamani zimekufa. Tumepitia marejesho yote na anwani zote za kupokelea taarifa zilizoongezwa tangu tarehe ya lile badiliko la kwanza, na mpaka tunafunga kompyuta hatukuona la kushuku. Ulinganisho wa oda na malipo bado unaendelea. Programu ya ripoti, ambayo nayo ilikuwa ikitumia ufunguo wenye uwezo wote, Jumatatu itapewa `rk_live_`, ufunguo wenye mipaka, wa kusoma malipo tu.